Profaili ya wadhamini kwa ukurasa wa ujenzi Dodoma: namba zipi, bei gani

*"Shikamoo. Nina ukurasa wa ujenzi Instagram, naonyesha saiti za Dodoma tangu msingi mpaka paa. Wafuasi ni 9,400. Video moja iliwahi kufika watazamaji laki mbili. Msambazaji wa rangi kaniambia nimtumie profaili yenye takwimu, bei na kazi nilizofanya. Kazi yangu ya udhamini ni moja tu, duka la mabati lilinilipa kwa bati. Niandike nini, na bei niweke ngapi?"*
Msomaji, Ilazo, Dodoma

Marahaba, dada. Nimekaa muda mrefu upande wa pili wa meza hiyo, kwenye ofisi ya masoko ya kampuni inayouza vifaa vya ujenzi, nikipokea profaili za namna hii kwa WhatsApp karibu kila wiki. Nitakuambia mtu wa upande ule anaangalia nini, kwa sababu wengi huandika profaili kama wanajisifu kwa wafuasi wao, kumbe msomaji wake ni mtu mmoja mwenye bajeti ndogo na bosi wa kumjibu.

Nianze na ile video ya laki mbili, maana ndiyo itakayokuponza. Najua unatamani iwe juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Mimi nikipokea profaili, kitu cha kwanza ninachofanya ni kufungua ukurasa wenyewe na kusoma namba zilizo chini ya video kumi za mwisho. Inachukua dakika moja. Nikikuta profaili inasema "wastani wa watazamaji 25,000 kwa video" na video tisa kati ya kumi zina elfu tatu, nne, tano, naifunga. Huenda hukudanganya, hesabu yako inaweza kuwa sahihi kabisa, lakini umenipa namba ambayo sitaipata nikikulipa.

Tuifanye hesabu hiyo pamoja. Tuseme video zako kumi zilizopita, kila moja ukiisoma siku 14 baada ya kuiweka, ni hizi: 2,900, 3,100, 3,400, 3,800, 4,100, 4,400, 4,900, 5,600, 6,400 na ile moja ya 212,000. Jumla ni 250,600. Ukigawanya kwa kumi unapata 25,060, na hakuna hata video moja kati ya hizo iliyokaribia namba hiyo. Sasa zipange kutoka ndogo kwenda kubwa kama nilivyozipanga, uchukue mbili za katikati, yaani 4,100 na 4,400. Katikati yao ni 4,250. Hiyo ndiyo namba ya kuandika: "Video yangu ya kawaida hutazamwa mara 4,250 ndani ya siku 14." Ile ya laki mbili iweke chini yake kwa sentensi moja, useme ilihusu nini na ilitokea mwezi gani. Ukiitenga hivyo inakujengea heshima. Ukiichanganya na nyingine inakuondolea.

Nimesema siku 14 kwa makusudi. Video iliyokaa miezi minane imeokota watazamaji miezi minane, huwezi kuilinganisha na ya wiki iliyopita. Ukiwa na daftari tu la kuandikia namba ya kila video ikifika siku ya 14, ndani ya miezi mitatu utakuwa na takwimu safi kuliko nyingi ninazoletewa.

Jambo jingine la namba hizo: Instagram ikikuonyesha `Views`, inahesabu kila mara video inapochezwa, kwa hiyo mtu mmoja akiirudia mara tatu ni tatu. `Accounts reached` ni makadirio ya akaunti ngapi zimefikiwa. Andika zote mbili na uzitaje kwa jina lake. Na kama una YouTube, TikTok na Facebook, usijumlishe wafuasi wa kote ukaandika jumla moja kubwa. Fundi anayekufuata Instagram ndiye huyohuyo anayekufuata TikTok, na sisi tunalijua hilo. Kila mtandao na mstari wake.

Sasa tuje kwenye swali ambalo kwa biashara yako ni kubwa kuliko idadi: hawa watu wako wapi, na wanajenga wapi? Nimeona profaili za kurasa za Dodoma zinazofungua na sensa ya 2022, kwamba jiji lina watu 765,179, kana kwamba wote hao ni watazamaji. Hao ni wakazi wa jiji. Msambazaji wa rangi anajua idadi yao tayari.

Ukifungua sehemu ya hadhira kwenye Instagram utaona miji inayoongoza. Kwa ukurasa wa aina yako, usishangae ukikuta Dar es Salaam asilimia 46 na Dodoma asilimia 21. Wengi wakiona hivyo huificha, wanaandika tu "Tanzania asilimia 94". Mimi ningekushauri uiandike kama ilivyo, kwa sababu kwa Dodoma namba hiyo ina maelezo yake. Tangu serikali ihamishie shughuli zake huku kuanzia 2016, kuna watu wengi wenye kiwanja Iyumbu, Nala, Ihumwa au Msalato huku wenyewe wakiwa bado Dar, Mwanza au kituo kingine cha kazi. Wanajenga kwa simu: wanamtumia fundi pesa, wanadai picha. Mtu wa namna hiyo ndiye anayekaa usiku kuangalia video za saiti za Dodoma, na mnunuzi wa rangi ni yeye, ingawa simu yake inasoma Kinondoni.

Lakini hilo ni dai, na dai linahitaji ushahidi. Ushahidi wake ni rahisi kuupata. Weka kura kwenye stori, swali moja fupi: "Unajenga au unapanga kujenga wapi?" Majibu yawe Dodoma, Dar, mkoa mwingine, sijengi. Iache saa 24, uirudie wiki ifuatayo siku nyingine, lakini usijumlishe kura za mara mbili, kwa kuwa walewale watarudi kupiga. Chukua ile yenye wapiga kura wengi. Tuseme watu 380 walijibu na 231 wakasema Dodoma. Unaandika hivi: "Kati ya watu 380 waliojibu kura yangu ya tarehe fulani, 231 (asilimia 61) wanajenga au wanapanga kujenga Dodoma." Angalia nilivyosema *kati ya waliojibu*. Usiandike kwamba asilimia 61 ya wafuasi wako wote wanajenga Dodoma, kwa sababu anayejenga ndiye mwenye hamu ya kujibu kura kama hiyo, na asiyejenga anapita tu. Ofisa masoko aliyewahi kufanya utafiti atakuuliza hilo hilo, na ukiwa umeshaliandika mwenyewe amekuamini.

Ukipata nafasi, wiki nyingine uliza hatua: msingi, kuta, paa, umaliziaji. Kwa mtu wa rangi, waliofika kwenye paa na umaliziaji ndio wateja wake wa mwaka huu, wa msingi ni wa mwakani au zaidi. Kwa mtu wa mabati ni kinyume: anayepaka rangi tayari ameshampita. Hii ina maana profaili moja haitoshi kutumwa kwa kila mtu. Kurasa nyingine zinabaki zilezile, unabadilisha mistari miwili hii tu.

Picha za skrini za takwimu zipige zikiwa nzima, tarehe na kipindi vinaonekana, kisha ziweke kwenye faili ya pembeni kama kiambatanisho. Picha iliyokatwa juu ikabaki namba peke yake inaleta maswali. Na kwenye ukurasa wa kwanza andika "Takwimu hizi ni za" mwezi fulani mpaka mwezi fulani. Profaili ikizidi miezi mitatu bila kuguswa, ifanye upya.

Kuhusu kazi uliyofanya. Moja inatosha, mradi uieleze vizuri. Sitaki kusikia kwamba ulilipwa kwa bati, hayo ni yako na yule mwenye duka, na hayapunguzi thamani ya kazi. Ninachotaka kujua ni mteja alitaka nini, ulifanya nini, kilitokea nini. Rudi dukani, umsalimie mwenye duka, umuulize wateja wangapi waliitaja video, na umwombe ruhusa ya kuandika jina la duka lake na namba zake. Akikubali namba akakataa jina, andika "duka la mabati, Dodoma mjini". Kisha kaa na simu yako uhesabu ujumbe wa "bei gani?" ulioingia ndani ya siku 14 zile. Ukimaliza, maelezo yote yasizidi hapa:

> Duka la mabati, Dodoma mjini, Juni. Walitaka wajenzi wajue kwamba bati hukatwa kwa urefu wa paa la mteja. Nilipiga video ya sekunde 75 kwenye saiti ya Iyumbu, fundi akionyesha vipande vinavyobaki ukinunua urefu wa kawaida. Ndani ya siku 14: imetazamwa mara 5,600, imehifadhiwa na watu 190, ujumbe 58 wa kuuliza bei. Kwa hesabu ya duka, wateja 4 walinunua wakitaja video.

Hiyo 190 ya waliohifadhi ningeiweka hata kama ungekosa nyingine zote. Mtu wa ujenzi akihifadhi video anaweka kumbukumbu ya kitu atakachonunua, ni tofauti na kupenda tu. Vichekesho hupendwa, makadirio ya bati huhifadhiwa.

Usiweke nembo za kampuni ambazo hazijakulipa wala kukupa ruhusa. Wapo wanaopiga picha ya ndoo ya rangi saiti, halafu profaili inatoka na nembo ya kiwanda chini ya maneno "tumefanya kazi na". Mji huu ni mdogo, na wasambazaji wa rangi wanajuana. Simu moja inatosha kukuharibia.

Kwa kazi zijazo, usitegemee kumbukumbu za mwenye duka. Mtengenezee kiungo cha WhatsApp chenye ujumbe ulioandikwa tayari, mteja akibonyeza anakutana na maneno yamekaa, anatuma tu:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Nimetoka%20SAITI%20DODOMA
```

Kwenye hizo X weka namba ya duka, bila sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Duka likitafuta maneno "SAITI DODOMA" kwenye WhatsApp yao wanaona idadi yote. Wapo wateja watakaopiga simu au kufika wenyewe, hao kiungo hakitawashika, kwa hiyo namba utakayopata ni ya chini kuliko uhalisia. Sema hivyo kwenye profaili.

Bei ndiyo inayowasumbua wengi, na ukiuliza wenzako utapewa namba za Dar ambazo hazina uhusiano na wewe. Mimi ningeanza na sakafu: gharama yako halisi ya video moja. Chukulia usafiri mpaka saiti na kurudi 20,000, mpiga picha 60,000, bando 10,000, na siku zako mbili za kupiga na kuhariri kwa 40,000 kila moja. Hiyo ni 170,000. Chini ya hapo unamdhamini mdhamini.

Dari ni kile ambacho mdhamini anapata. Tumia kazi ya mabati. Chukulia kila mmoja wa wale wateja 4 alinunua bati za 2,500,000, na duka linabaki na faida ya asilimia 6, yaani 150,000 kwa mteja. Wanne ni 600,000. Ukimtoza 300,000 anabaki na nusu, atarudi. Ukimtoza 600,000 amefanya kazi ya bure. Asilimia ya faida wengine watakutajia, wengine watacheka tu, basi kadiria chini. Ukiwa katikati ya sakafu na dari, umejua pa kusimama.

Sasa ipime bei hiyo kwa jicho la ofisa masoko, kwa sababu atafanya hivyo. Shilingi 300,000 ukigawanya kwa 4,250 ni karibu shilingi 70 kwa kila mtazamo, au 70,000 kwa mitazamo elfu moja. Akilinganisha na kulipia tangazo la Facebook, wewe ni ghali. Kwa hiyo usiuze mitazamo. Ukiuza mitazamo utashindwa na kila ukurasa wa vichekesho wenye wafuasi laki moja. Wewe unauza vitu viwili: watu wanaojenga Dodoma, ambao kura yako imewaonyesha, na video iliyopigwa saiti halisi na fundi halisi ambayo kampuni inaweza kuitumia. Cha pili wengi hutoa bure bila kujua. Kampuni ikichukua video yako ikailipia kama tangazo kwenye kurasa zake, hiyo ni huduma nyingine na ina bei yake, kwa kipindi unachokitaja.

Bei zenyewe ziwe chache. Kwa hali yako mimi ningeandika hivi:

- Video moja ya sekunde 60 hadi 90 saiti, pamoja na stori 3 zenye kiungo, marekebisho mara moja: 300,000.
- Mfululizo wa video 3 kufuata nyumba moja hatua kwa hatua, stori 9: 780,000.
- Kampuni kuitumia video kwenye matangazo yake ya kulipia kwa siku 30: ongeza 100,000.
- Kutofanya kazi na mshindani wake kwa siku 30: ongeza asilimia 30 ya kifurushi.

Hilo la marekebisho mara moja usilisahau. Bila kuliandika, utarudi Ihumwa mara ya tatu kwa nauli yako kwa sababu bosi wa mtu hakupenda rangi ya ukuta.

Weka bei kwenye karatasi yake, tofauti na kurasa nyingine. Kwa duka la mjini zitume pamoja, mwenye duka hana muda wa barua za kuulizana. Kwa kampuni kubwa tuma kwanza profaili, bei ifuate wakikuuliza, kwa sababu faili hizi huzunguka kutoka mkono hadi mkono na utakuta mwakani unatajiwa bei yako ya zamani. Ndiyo maana kwenye karatasi ya bei huwa napenda kuona mstari wa "bei hizi ni hadi" tarehe fulani.

Kampuni rasmi itakudai TIN na risiti ya EFD, na kwenye malipo ya huduma itakata kodi ya zuio ya asilimia 5 na kuipeleka TRA kwa jina lako. Ukiandika 300,000 utapokea 285,000. Kama unataka 300,000 ifike mkononi, igawanye kwa 0.95: ni 315,789, andika 316,000. Dai cheti cha zuio, ni pesa yako inayohesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka. Na kama maudhui yako yanaangukia chini ya kanuni za maudhui mtandaoni za 2020, namba ya leseni ya TCRA iwe mgongoni mwa profaili kabla hawajaiuliza.

Muonekano hauhitaji makuu. PDF ya kurasa tatu za kusimama, maandishi makubwa yanayosomeka kwenye simu, faili isizidi megabaiti tatu. Ukurasa wa kwanza: wewe nani, unaonyesha nini, namba tatu (mitazamo ya kawaida, akaunti zilizofikiwa, wanaojenga Dodoma). Wa pili: ile kazi ya mabati na picha mbili za saiti. Wa tatu: mawasiliano na nyaraka. Picha za skrini ziwe faili ya pembeni. Kwa duka la Majengo andika Kiswahili, kwa makao makuu ya kampuni tengeneza na ya Kiingereza. Usiweke picha ya mazungumzo ya WhatsApp yenye majina na namba za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na hata isingekuwepo, mteja hakukuruhusu.

Kwa wakati wa kutuma: mvua zetu za huku ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na kupaua na kupaka rangi hupamba moto kiangazi. Mtu wa rangi akipata profaili yako Machi au Aprili ana muda wa kukuingiza kwenye mipango yake. Akiipata Novemba atakuambia tuonane mwakani.

Na atakuomba punguzo, hilo usiwe na shaka. Ukimpunguzia bei bila kupunguza kazi, ile 300,000 haikuwa bei. Ondoa kitu: stori ziwe 1 badala ya 3, au video iwe ya sekunde 30 isiyohitaji mpiga picha, kisha umtajie bei ya kifurushi hicho kipya. Akitaka 150,000 kwa kazi ileile, iko chini ya sakafu yako ya 170,000, mwambie hapana kwa upole na umwachie ile profaili.